Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kujaza artikeli za Kijerumani baada ya in, auf, an na wenzake

Maswali haya yanahusu zoezi la aina moja tu. Unapewa sentensi yenye pengo, mfano *Das Buch liegt auf d__ Tisch*. Unatakiwa kujaza mwisho wa artikeli, kisha uandike sababu kwa maneno machache. Nimelipa nafasi kubwa eneo ambalo wanaozungumza Kiswahili hukosea zaidi, yaani vihusishi vinavyoweza kubeba akusativi au dativi.

## Mambo ya msingi

1. Kasusi ni nini, kwa mtu aliyezoea Kiswahili?

Kasusi ni umbo linaloonyesha nomino inafanya kazi gani katika sentensi. Katika Kiswahili kazi hiyo hufanywa na viambishi ndani ya kitenzi pamoja na mpangilio wa maneno. Katika "mtoto amemwona mbwa", *a-* inamhusu mtoto na *-mw-* inamhusu mbwa. Kijerumani huonyesha hilo kwenye artikeli: *Das Kind hat den Hund gesehen*. Hapo *den* ndiyo inayotuambia kwamba mbwa ni yambwa, na hata ukimtanguliza mbwa, *Den Hund hat das Kind gesehen*, maana haigeuki.

Nominativi ni ya kiima. Akusativi ni ya yambwa ya kawaida. Dativi mara nyingi ni ya anayepewa au anayefanyiwa jambo. Juu ya hayo, vihusishi navyo hudai kasusi yao, na mazoezi mengi hulenga hapo. Genitivi siigusi katika ukurasa huu.

2. Nijaze herufi zipi?

Jedwali ni dogo. Safu zinafuata jinsia za nomino: ya kiume (*der*), ya kike (*die*), ya kati (*das*), halafu wingi.

```
       kiume   kike    kati    wingi
Nom.   der     die     das     die
Akk.   den     die     das     die
Dat.   dem     der     dem     den (+n)
```

*Ein, kein, mein, sein, ihr* hufuata mtindo uleule: *einen, eine, ein* katika akusativi, na *einem, einer, einem* katika dativi. *Ein* yenyewe haina wingi, lakini *keine* na *meine* zinao, na katika dativi huwa *keinen* na *meinen*.

Ukilitazama jedwali vizuri utaona kwamba akusativi hutofautiana na nominativi mahali pamoja tu, kwa nomino za kiume. Dativi ndiyo inayobadilisha kila safu. Kwa hiyo ukijua jinsia ya nomino na ukajua kama pengo ni la dativi au la, kazi kubwa imekwisha.

3. Kwa nini jibu ni *der* wakati *Küche* ni ya kike?

Kwa sababu *der* ni maumbo mawili yaliyofanana. Kuna *der* ya kiume katika nominativi, na kuna *der* ya kike katika dativi. *Ich bin in der Küche* ni dativi ya nomino ya kike. Wengi huikwepa *der* hii wakidhani wanaigeuza *Küche* kuwa ya kiume, wakaandika *in dem Küche*. Usiulize "*der* ni ya nani?" bila kwanza kuuliza "tuko kasusi gani?"

*Den* nayo ina sura mbili: akusativi ya kiume katika umoja, na dativi ya wingi. Angalia swali la 14.

## Kihusishi kinachoamua peke yake

4. Ni vihusishi gani havinihitaji kufikiria kitenzi?

*Durch, für, gegen, ohne, um* daima huchukua akusativi. *Aus, bei, mit, nach, seit, von, zu* daima huchukua dativi. Pengo likiwa baada ya mojawapo ya hivi, sababu yako ni kihusishi chenyewe na huna haja ya kuongeza neno.

Kosa la hapa huja kutoka kwenye kanuni ya swali la 5. Mtu akishajifunza kwamba kwenda mahali huleta akusativi, anaanza kuandika *Ich gehe zu den Arzt*. Hapana. *Zu* ni kihusishi cha dativi hata ukikimbia: *zu dem Arzt*, ambayo kwa kawaida hufupishwa kuwa *zum Arzt*. Kanuni ya kwenda na kuwapo ni ya vihusishi tisa tu, na *zu* haimo.

## Vihusishi tisa vya pande mbili

5. Ni vipi hivyo tisa, na nani anaamua?

*An, auf, hinter, in, neben, über, unter, vor, zwischen.* Kikihusu mahali, kila kimoja kinaweza kufuatwa na akusativi au dativi, na anayeamua ni kitenzi. Kitenzi kikikifikisha kitu mahali ambapo hakikuwapo, tumia akusativi. Kitenzi kikisema kitu kiko hapo, au jambo linatendeka hapohapo, tumia dativi.

*Ich lege das Buch auf den Tisch.* Kitabu hakikuwa mezani, sasa kimefika: akusativi.
*Das Buch liegt auf dem Tisch.* Kitabu kiko mezani: dativi.

6. Nimefundishwa niulize *wo* au *wohin*, lakini kwangu yote mawili ni "wapi". Nifanyeje?

Hiki ndicho kikwazo chenyewe, na wala si uzembe wa mwanafunzi. Kijerumani kina *wo* kwa mahali pa kuwapo na *wohin* kwa mahali pa kwenda. Kiswahili husema "uko wapi?" na "unaenda wapi?" kwa neno lilelile. Kiambishi *-ni* nacho hakitofautishi: "kitabu kiko mezani" na "weka kitabu mezani" zina *mezani* moja. Kwa hiyo ukitafsiri sentensi kichwani kisha ukauliza "wapi?", huna cha kukusaidia kuchagua.

Badala yake uliza hivi: kabla ya tendo, je, kilikuwa pale tayari? Kama hakikuwapo na tendo ndilo linalokifikisha, jaza akusativi. Kama kilikuwapo na tendo halikitoi wala kukiingiza, jaza dativi.

Tena Kiswahili kina silaha yake, nayo ni kauli ya kutendea. Linganisha "mbwa anakimbia bustanini" na "mbwa anakimbilia bustanini". Ya kwanza kwa kawaida inamweka mbwa ndani ya bustani akizungukazunguka: *Der Hund läuft in dem Garten*. Ya pili inampeleka bustanini kutoka kwingine: *Der Hund läuft in den Garten*. Vivyo hivyo "mtoto anaruka kitandani" ni *Das Kind springt auf dem Bett*, lakini "mtoto anarukia kitandani" ni *Das Kind springt auf das Bett*. Kwa vitenzi vya mwendo, jaribu kuingiza *-ia* au *-lia* ya kuelekea. Ikikaa vizuri na maana ya sentensi, pengo ni la akusativi.

7. Kwa nini sababu yangu "kuna mwendo" ilikatwa?

Kwa sababu mwendo peke yake hauamui. *Wir tanzen in dem Zimmer*: miguu inasogea, lakini hakuna anayevuka mlango. Tulikuwa chumbani na bado tumo. Hiyo ni dativi. Sababu inayosimama ni kubadili mahali kuelekea kwenye nomino iliyotajwa, au kutobadili.

Ningeacha kabisa kuandika neno "mwendo" kwenye sababu. Andika "anafika pale" au "yuko pale", na utaona makosa yakipungua, kwa kuwa maneno hayo yanakulazimisha uwaze jambo lenyewe.

8. *Legen* na *liegen*, *stellen* na *stehen*: nitazitofautishaje?

Hizi ni jozi. Upande mmoja mtu anakiweka kitu, na kitenzi kina yambwa. Upande wa pili kitu kimekaa chenyewe bila yambwa.

*Legen* ni kulaza, na wakati uliopita ni *legte*. Mwenzake *liegen* ni kuwa kimelala, *lag*. *Stellen* ni kusimamisha, *stellte*, na *stehen* ni kuwa kimesimama, *stand*. *Setzen* ni kuketisha, *setzte*, na *sitzen* ni kuwa umeketi, *saß*. Wa kwanza katika kila jozi huleta akusativi baada ya vihusishi tisa, na wa pili huleta dativi.

Angalia kwamba wanaoweka huchukua *-te* ya kawaida katika wakati uliopita, ilhali wanaokaa hubadilisha irabu. Alama hii inakuokoa hasa kwa *hängen*, ambayo ina sura moja katika wakati uliopo. *Er hängte das Bild an die Wand*: aliitundika picha ukutani, akusativi. *Das Bild hing an der Wand*: picha ilikuwa imetundikwa, dativi. Zoezi likiwa la wakati uliopo, tafuta yambwa. *Er hängt das Bild an __ Wand* ina yambwa *das Bild*, hivyo *die*.

## Zoezi zima, pengo kwa pengo

9. Je, naweza kuona aya nzima ikifanyiwa kazi?

Hii hapa, nimeitunga ili mitego ikae karibukaribu:

```
Lena kommt in d(1) Küche. Sie stellt d(2) Korb auf d(3) Tisch
und setzt sich auf d(4) Stuhl neben d(5) Fenster.
Unter d(6) Tisch liegt d(7) Hund.
Lena wartet auf ihr(8) Bruder.
Er hilft sein(9) Vater in d(10) Garten.
```

Pengo la 1 ni die. Lena hakuwa jikoni, sasa anaingia, hivyo *in* inachukua akusativi, na *Küche* ni ya kike. La 2 ni den, na hapa hakuna kihusishi kabisa: kikapu ni yambwa ya *stellt*. La 3 ni den kwa sababu *stellen* inakifikisha kikapu mezani. La 4 pia ni den: *sich setzen* ni kwenda kuketi, na kiti ndipo Lena anapofikia.

Pengo la 5 ndilo linaloangusha watu. Jibu ni dem. Mwanafunzi anaona *setzt sich*, anakumbuka akusativi, anajaza *das*. Lakini hebu soma tena: ni nini kiko kando ya dirisha? Ni kiti. *Neben dem Fenster* kinaeleza kiti ni kipi, na kiti kilikuwa dirishani kabla Lena hajaingia. Kitenzi kimeshamaliza kazi yake kwa *auf den Stuhl*. Kila unapokutana na vihusishi viwili mfululizo, amua kwanza kama cha pili kinafungamana na kitenzi au na nomino iliyo mbele yake.

La 6 ni dem, kwa kuwa *liegen* ni kuwapo. La 7 ni der, nominativi. Kiima kimekuja mwisho kwa sababu mahali kumetangulizwa, na aliyezoea kuona yambwa baada ya kitenzi atajaza *den*. Muulize kitenzi: nani amelala? Mbwa. Basi ndiye kiima. *Liegen* haina yambwa hata kidogo.

La 8 ni ihren. Hakuna mtu anayeenda popote, na hata hivyo ni akusativi. Maelezo yako swali la 12. La 9 ni seinem kwa sababu ya *helfen*, angalia swali la 11. La 10 ni dem: wanafanya kazi wakiwa bustanini. Katika maandishi ya kawaida ungeona *im Garten*.

10. Sababu fupi niiandikeje?

Taja anayeamua, kasusi, kisha jinsia. Mstari mmoja unatosha:

```
(3) auf + stellen  -> Akk.; Tisch m.  -> den
(5) neben, Stuhl iko pale  -> Dat.; Fenster n.  -> dem
(7) kiima cha liegt  -> Nom.; Hund m.  -> der
```

Sababu kama "kwa sababu ni dativi" haina uzito, maana hilo ndilo jibu lenyewe limerudiwa. Faida ya kutenga kasusi na jinsia ni kwamba ukikosa unajua ulikosa wapi. Anayeandika *auf das Tisch* baada ya *stellen* anaijua kanuni vizuri, ila jinsia ya *Tisch* ndiyo hana. Huyo hahitaji kurudia somo la vihusishi.

## Kitenzi kinapoamua

11. Kwa nini *helfen* huchukua dativi? Si ni kumsaidia mtu?

Ndiyo, na *-m-* ya "kumsaidia" inafanana na *-m-* ya "kumwona", kwa hiyo Kiswahili hakikupi dalili. Katika Kijerumani *sehen* huchukua akusativi, *Ich sehe den Lehrer*, na *helfen* huchukua dativi, *Ich helfe dem Lehrer*. Pamoja na *helfen* kariri *danken, antworten, folgen, gehören, gefallen, gratulieren, zuhören*.

Usijaribu kuvitambua kwa kauli ya kutendea. "Kumpigia simu" ina *-ia*, lakini *anrufen* ni akusativi: *Ich rufe den Arzt an*. "Kumjibu" haina *-ia*, lakini *antworten* ni dativi. Halafu *fragen*, jirani yake *antworten*, ni akusativi: *Ich frage den Lehrer, und er antwortet dem Kind*.

Vitenzi vya kutoa vina vyote viwili. *Sie gibt dem Kind den Ball*: mtoto anapokea, dativi; mpira unatolewa, akusativi.

12. *Ich warte auf den Bus*: mbona nimesimama tu, na bado ni akusativi?

Kwa sababu hapa *auf* haisemi mahali. Imeshonwa na kitenzi *warten* na kupoteza maana ya "juu ya". Jaribio la swali la 6 halifanyi kazi pasipo mahali, hivyo kasusi hujifunzwa pamoja na kitenzi. Ukiandika *Ich warte auf dem Bus*, umesema unasubiri ukiwa juu ya paa la basi.

Kuna mwelekeo unaosaidia. *Über* isiyo ya mahali karibu daima ni akusativi: *Wir sprechen über den Film*. *Vor* isiyo ya mahali ni dativi: *Sie hat Angst vor dem Hund*. *Auf* huelekea zaidi akusativi, kama *warten auf* na *sich freuen auf*, ingawa *beruhen auf* na *basieren auf* ni dativi. *An* imegawanyika, na hapo sina njia ya mkato ya kukupa: *denken an* na *sich erinnern an* ni akusativi, *teilnehmen an* na *arbeiten an* ni dativi. Andika kwenye daftari lako kihusishi pamoja na kasusi, usiandike kitenzi peke yake.

## Kona ngumu

13. *Ankommen* ni kufika. Mbona kinachofuata ni dativi?

Hapa jaribio langu la "hakikuwapo, sasa kimefika" linakwama, na ni vyema ulijue hilo mapema. *Wir kommen in der Stadt an*, *Das Flugzeug landet auf dem Wasser*, *Ich parke hinter dem Haus*: zote ni dativi. Kijerumani hutazama vitenzi hivi kutoka mwisho wa safari, pale ulipo baada ya kufika, na swali lake ni *wo*. Kariri *ankommen, landen, parken* kama kundi.

Kundi jingine ni mwendo unaopita au kufuata bila kuishia kwenye kile kilichotajwa. *Wir gehen an der Schule vorbei*: tunapita shule, hatuifikii, dativi. *Der Hund läuft hinter dem Auto her*: mbwa analifuata gari na muda wote yuko nyuma yake, dativi. Ndiyo maana unapaswa kusoma sentensi hadi neno la mwisho kabla ya kujaza, maana *vorbei* na *her* hukaa huko. Lakini *Wir gehen über die Straße* ni akusativi, kwa kuwa tunavuka kwenda upande wa pili.

14. Katika wingi, nijaze artikeli tu?

Artikeli ni *den*, na nomino yenyewe huongezwa *-n*: *auf den Tischen*, *in den Häusern*. Haiongezwi kama wingi wake tayari unaishia na *-n* (*in den Taschen*) au na *-s* (*in den Autos*). Hiyo *-n* inakusaidia pia kusoma. Zoezi likikupa *d__ Tischen*, nomino imeshakwambia kwamba ni dativi ya wingi, kwa sababu wingi wa kawaida ni *Tische*.

15. Vipi kuhusu wakati? *Vor einem Jahr* si mahali.

*An, in, vor* na *zwischen* zikijibu "lini?" huchukua dativi: *an dem Montag* (kwa kawaida *am Montag*), *in einer Woche*, *vor einem Jahr*. *Über* ya wakati ni akusativi: *über das Wochenende*.

16. Pengo liko kwenye *i__ Garten*, bila *d*. Najaza nini?

Hilo ni la ufupisho. *In dem* huwa *im*, *in das* huwa *ins*, *an dem* huwa *am*, *an das* huwa *ans*. *M* inatoka kwenye *dem*, kwa hiyo *im* na *am* ni dativi daima. *S* inatoka kwenye *das*, kwa hiyo *ins* na *ans* ni akusativi ya nomino ya kati. *In den* na *in die* hazifupishwi hivyo katika maandishi. Basi *Er arbeitet i__ Garten* ni *im*. Kama sentensi ingekuwa *Er geht i__ Garten*, jibu lingekuwa *in den*, maneno mawili, kwa sababu *Garten* ni ya kiume na *ins* haiwezi kusimama mbele yake.